Taa Kwenye Myombo

Mimi ni fundi umeme, na fundi umeme hapaswi kuogopa taa alizozifunga kwa mikono yake. Mume wangu hunitania hivyo mpaka leo, nami hukasirika kweli, kisha jua likizama natoka kwenda kuwasha swichi ya mti nikiwa nimejifunika khanga mabegani. Mpanda kipindi hiki hakuna baridi. Nayajua hayo, asinikumbushe.

Kiwanja chetu kiko pembezoni mwa mji, upande wa kuelekea Kakese. Tulipokinunua kilikuwa pori lililofyekwa vibaya, visiki kila mahali, umebaki myombo mmoja mrefu katikati. Mume wangu alitaka kuukata aseme amemaliza. Nikamwambia akiugusa atalala nao nje. Baba yangu alikuwa mrina asali kule Inyonga, na karo yangu ya chuo cha ufundi ilitoka kwenye gome la myombo. Siwezi kuukata mti wa namna hiyo ili nipate mahali pa kuanikia nguo.

Mizinga ya baba yote ilikuwa ya gome. Mvua zikianza, maji yanapanda ndani ya mti na gome linaachia. Baba alikuwa anafunga kamba kuzunguka shina chini, anafunga nyingine juu, ili mkato usiende upogo. Anakata mviringo kwa kufuata kamba ya chini, anakata kwa kufuata ya juu, anapasua mstari mmoja wa kusimama, kisha anaingiza kabari ya mti taratibu na kulibandua. Gome linatoka zima, kama shati linalovuliwa. Likishatoka linajikunja lenyewe kurudia umbo lake, linashonwa, linazibwa huku na huku, tayari mzinga.

Mti wenyewe unakufa, lakini haufi siku ile. Nikiwa binti mdogo nilikuwa naogopa sana kupita kwenye miti aliyoichuna baba, kwa sababu shina liko uchi na kileleni majani ni mabichi, yanacheza na upepo kama kawaida. Nilimwuliza mbona haifi. Akajibu bila hata kugeuka, "Imekufa. Majani hayajaambiwa tu."

Mama alipofariki tulimchukua baba tukaishi naye Mpanda. Mwanzoni alisahau vitu vidogo, kofia, kikombe, jina la mume wangu, ambalo mume wangu alisema hata wazima hulisahau. Baadaye akaanza kutoka. Asubuhi mzima, mchana mzima, jua likianza kuinama anachukua fimbo anaondoka. Tukimwuliza anakwenda wapi anasema anakwenda kutafuta mti. Mti gani? Anatutazama kwa huruma, kama sisi ndio tuliochanganyikiwa.

Kutoka hakukunisumbua sana. Kurudi ndiko kulikuwa tatizo. Mitaa yetu ni mipya, bati jipya kila upande, ukuta wa tofali za kuchoma kila upande, na mtu asiye na kumbukumbu hawezi kuchagua nyumba moja kati ya zile. Mara moja vijana wa bodaboda walimkuta Kakese amekaa juu ya tuta la mahindi. Mara nyingine mvua ilimnyeshea kwenye mtaro, tukampata anatetemeka na midomo imekuwa ya majivu. Tulijaribu kufunga geti. Aliligonga kwa viganja mpaka vikachubuka, akilia, nikalifungua mwenyewe nikilia. Nilikuwa na hofu moja tu, na nilikwenda nayo kazini na kurudi nayo: kwamba jioni moja tutamtafuta na hatutampata.

Ila tulipomkuta kokote, alikuwa anauliza swali lilelile. "Ule myombo uko upande gani?" Nyumba hakuijua, sisi alitujua kwa mashaka, lakini mti ule aliujua. Na mti ulikuwa mrefu kuliko bati zote za mtaa.

Ndipo nikapata wazo. Ilikuwa kuelekea Krismasi, maduka ya mjini yamejaa taa za mapambo. Nikanunua za nje, zenye nyaya nene na mpira mgumu kwenye maungio, si zile za kupamba sebule zinazokufa kwa tone la mvua. Rangi nilichagua moja, ya manjano ya taa ya kibatari. Mume wangu alitaka za kumetameta. Nikamwambia tunamwita mzee nyumbani, hatufungui baa.

Kazi ya kufunga taa kwenye mti inaonekana ya kitoto mpaka uifanye. Kwanza nilizitandaza zote uani, nikaziwasha zikiwa chini, maana hakuna hasira kama kugundua mshipi mbovu wa taa ukiwa juu ya tawi. Kisha nikazima, nikachomoa, ndipo nikaanza. Plagi inabaki chini, unapanda na mshipi ukizunguka shina, mzunguko na mzunguko vikiachana shubiri moja, bila kukaza. Mti unanenepa, na waya uliokazwa leo kesho umezama ndani ya nyama yake. Misumari sikuigusa. Nilifunga kwa vipande vya mpira wa tairi ya baiskeli, vinavyovutika. Kila ungio nililigeuza liangalie chini, waya ukining'inia kidogo kabla yake ili maji yadondokee pale yasiingie. Ngazi ilinifikisha kwenye panda ya kwanza, mume wangu ameishika na kulalamika. Kutoka hapo nilipanda kwa kamba, kama baba alivyonifundisha, kitanzi kikizunguka shina na kiuno, nikafuata matawi makubwa, nikienda na waya mpaka karibu na ncha na kurudi nao.

Lakini kabla ya yote hayo kulikuwa na jambo moja, na niliona ni la usalama tu. Sikutaka ungio lolote liwe mahali ambapo baba anaweza kulishika kwa mikono yenye maji. Kwa hiyo nilimwita.

"Baba, njoo usimame hapa. Egemeza mgongo kwenye mti."

Alikuja. Nilifunga kamba ya katani kuzunguka shina usawa wa visigino vyake, iwe alama ya mahali waya wa umeme utakapokuja kushikizwa. Kisha nikafunga nyingine usawa wa utosi, ili nijue kuwa ungio la kwanza lazima likae juu ya hapo, tena mbali. Alisimama wima, mikono ubavuni, hapumui kwa nguvu. Nilidhani anacheza. Nilipomaliza aligeuka, akazipapasa zile kamba mbili, ya juu na ya chini, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Ahsante, mama," akasema. "Nilijua utanipimia wewe."

Nikamwambia karibu baba, nikapanda ngazi. Nilikuwa na kazi.

Jioni ile niliwasha. Ungesema mti umetoka mbele hatua moja. Kumbikumbi walikuja kwa wingi, jirani yetu mama mmoja mwenye maneno mengi akaja na beseni la maji kuwakinga, akacheka akasema sasa tumewasha mwenge, tutapata wageni mpaka kutoka Sitalike. Baba alikuwa ameshaondoka na fimbo yake. Nilikaa kwenye ngazi ya baraza nikiangalia geti.

Alirudi mwenyewe. Kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze, alitokea njiani akitembea taratibu, uso ameuinua kuelekea kwenye mti, hana wasiwasi wowote. Nililia kwa furaha, sifichi. Alifungua geti. Akaingia, akasimama pembeni, akalishikilia likiwa wazi.

"Baba, ingia basi."

"Ngoja wapite," akasema.

Nilitazama nje. Njia ilikuwa tupu mpaka kwenye mahindi. Baba alitikisa kichwa kidogo, akatikisa tena, namna mtu anavyosalimia watu wazima wanaopita mmoja mmoja mlangoni. Kisha akafunga geti, akaja kula.

Ikawa hivyo kila jioni. Taa zinawaka, baba anarudi, anashikilia geti. Mume wangu alisema niache kutafuta maneno, mzee amerudi salama, tulitaka nini kingine? Alikuwa na haki. Mahindi yalikua yakafunika njia, nyumba yetu haikuonekana tena kutoka barabarani, ila mti ulionekana, na baba hakupotea hata mara moja. Lakini mimi nilianza kuona kuwa anashikilia geti muda mrefu zaidi. Zamani alitikisa kichwa mara chache. Sasa mpaka ugali unapoa.

Nikamwuliza ni akina nani. Akataja watu wa kambi, warina asali wenzake wa zamani, akiwaita kwa majina ya utani ya porini. Niliwakumbuka baadhi. Nilikuwa nimehudhuria misiba yao.

"Wanafuata nini huku, baba?"

"Wameona moto," akasema, akinionyesha mti kwa kidevu. "Mtu akipimiwa, moto unawashwa, wenzake wanakuja. Ungewashaje moto kama hutaki waje?"

Nilimwekea mboga.

Baadaye sehemu ya chini ya taa ikazima. Mishipi hii imegawanyika vipande vipande, waya ukikatika mahali, kipande hicho tu kinakufa na vingine vinaendelea. Kilichokufa kilikuwa kile cha shina, kuanzia kamba ya chini mpaka kamba ya juu. Matawi yote yanawaka, juu ya shina panawaka, katikati kuna giza lenye urefu wa mtu. Nilibadilisha kipande kile kizima. Siku chache tu kikazima tena. Nikabadilisha tena, nikitukana kiwanda. Kikazima. Nilikuwa nikitoka jioni na kukuta giza lile limesimama pale pale likinitazama, na ndipo nilipoanza kuvaa khanga mabegani.

Mume wangu akasema ni maji. Nikapima, hakukuwa na maji. Waya ulikuwa umevunjika ndani kwa ndani, kama uliosuguliwa na kukunjwa mara nyingi mahali pamoja. Kisha siku moja nikawahi kurudi kazini, nikamwona baba mchana kweupe amesimama mgongo kwenye shina, visigino kwenye kamba ya chini, utosi kwenye kamba ya juu, mabega yakisugua taa huku na huku. Amefumba macho. Alikuwa anahakikisha kama bado anaenea.

Nilifurahi, hebu fikiria. Nilifurahi kwa kuwa sababu ilikuwa mgongo wa baba na si kitu kingine. Niliingia ndani nikacheka peke yangu jikoni mpaka machozi. Zile kamba sikuzifungua. Hazikuwa na kazi tena, lakini nani anahangaika kufungua kamba?

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua kubwa iliyoanza mchana. Mimi nilikuwa nafunga nyaya kwenye nyumba moja mjini, mume wangu yuko dukani kwake, jirani alikuwa anamtupia baba jicho kama kawaida. Umeme ukakatika mji mzima. Kitu cha kwanza kilichonijia ni taa. Jioni itafika, mti utakuwa giza, na mzee yuko nje kwenye mvua. Niliacha vifaa vyangu kwenye nyumba ya watu, nikapanda bodaboda, nikamfokea kijana wa watu njia nzima kwamba anaendesha kama anabeba mayai.

Geti lilikuwa wazi kabisa, limeegemezwa jiwe lisijifunge.

Baba alikuwa chini ya mti na panga. Alikuwa ameshakata mviringo wa chini na mviringo wa juu kwa kufuata kamba zangu, na mstari wa kusimama, sawa kama uliopigwa rula. Mikono iliyoshindwa kufunga vifungo vya shati ilikuwa inaingiza kabari ya mti chini ya gome bila kukosea. Taa zangu za shina zilikuwa chini vipande vipande, waya mweupe kwenye matope. Nilipoona zile nyaya zilizokatwa kwa panga lililolowa, nilikumbuka swichi. Huwa naiacha swichi ya mti ikiwa imewashwa tangu mchana siku za mawingu, maana giza huwahi. Siku ile niliiacha imewashwa. Kukatika kwa umeme, ambako ndiko nilikokuogopa, ndiko kulikonibakizia baba.

Nilikimbia kwanza kwenye meinswichi nikazima, umeme usije ukarudi. Kisha nikaenda kwake. Gome lilikuwa limeshatoka. Lilikuwa limelala kwenye nyasi, limejikunja, ndani yake jekundu na lenye utelezi. Nimekulia kwenye mizinga. Nilijua kwa kutazama tu kwamba lile halikuwa la mzinga. Mzinga hauhitaji urefu ule.

"Baba, umefanya nini?"

"Si umenipimia?" akasema. Alikuwa mtulivu, ameloa, uso wake ni ule wa zamani kabisa, wa mtu aliyejua kila kitu. "Kambini mtu akiona siku zake zimekaribia, hajipimii. Anapimiwa na mwanawe. Kamba ya kisigino, kamba ya utosi. Mbao za kumzikia tungetoa wapi porini? Nimetafuta mti jioni zote hizo, mama. Kumbe uko hapa hapa, umeshaufunga."

Kisha akafanya jambo ambalo naliona mpaka leo nikifumba macho. Alilala kwenye nyasi kando ya gome, mgongo chini, mikono ubavuni, akalinganisha visigino na ukingo wake. Akageuza kichwa kutazama ukingo wa juu.

"Kipimo chako ni sahihi," akaniambia.

Nilikaa kwenye matope nikamlaza kichwa mapajani. Sikumgombeza. Nilitaka kumwambia kuwa nilikuwa napima mahali pa kuweka ungio, kwamba ni taa tu, nimezinunua mjini, kwamba nilitaka arudi nyumbani. Lakini alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona tangu mama afariki, na maneno yangu yote yalikuwa ya kumnyang'anya. Nilimwacha nayo. Jirani alitukuta hivyo, akaliokota lile panga akaliweka mbali.

Hiyo ilikuwa mvua zikiwa katikati. Sasa ziko ukingoni. Baba hajatoka tena jioni. Fimbo imeegemea ukutani, hakuna anayeigusa. Gome nililifunga kwa kamba lisijikunjue, mume wangu akalipandisha juu ya mihimili ya stoo bila kunitania hata neno moja. Taa nilizirekebisha. Niliunganisha upya kuanzia juu ya kidonda, waya nikaushusha kwenye bomba gumu upande mmoja ambako panga halitafika, na meinswichi nimeiwekea kifaa kinachokata umeme ukivuja. Shina liko uchi, giza lenye urefu wa mtu, na juu yake matawi yote yanawaka.

Hakuna tena wa kumwashia. Nilitaka taa zimrudishe baba nyumbani, amerudi, haendi kokote. Ila nikichelewa kuwasha ananiita kutoka barazani. "Mama, moto. Watu wamekaa gizani." Anaangalia chini ya mti, anawatazama waliokaa pale, hana haraka nao, nao inaonekana hawana haraka naye.

Juzi nilijikaza nikamwuliza wanasubiri nini kama wote wameshaingia.

Baba aliinua uso kwenye kilele, ambako majani ni mabichi, yanapepea juu ya taa. Akayatazama kwa makini, kama alivyokuwa akitazama mzinga kabla ya kupanda.

"Hayajaambiwa," akasema.

Zamani nikiwasha nilikuwa natafuta ni taa ipi imekufa. Siku hizi taa sizitazami. Nasimama pale na khanga yangu mabegani, natafuta kama kuna jani lolote lililogeuka manjano, na mwanga wenyewe ni wa manjano, kwa hiyo inabidi nisubiri mpaka asubuhi ili nijue.